Karatasi ya Saa ya Mwisho: Kipi Kistahilicho Kuandikwa?

Asubuhi ya mtihani, nje ya kumbi za vyuo vyetu, aghalabu huonekana wanafunzi wameinamia karatasi zilizosheheni maandishi ya kubanana. Wapo wahadhiri wanaozitazama karatasi hizo kwa jicho la shaka, wakiziona kuwa nduguye mwakenya. Shaka hiyo ina msingi iwapo karatasi itavuka mlango wa ukumbi. Hata hivyo, kosa lililo kubwa zaidi ni la uteuzi: karatasi nyingi hubeba yale yaliyo mepesi kunakili badala ya yale yenye alama.

Chukua mfano wa kozi ya ushairi wa Kiswahili. Katika vyuo vikuu vingi nchini Kenya mtihani huwa na alama 70: swali la kwanza, ambalo ni la lazima, hubeba 30, na mengine mawili ya kuchagua hubeba 20 kila moja. Mwanafunzi aliyejaza ukurasa kwa orodha ya majina ya bahari, kuanzia pindu hadi sakarani, huenda akapata alama mbili au tatu tu kutokana na orodha hiyo. Jambo la thamani ni lile linalozaa majibu mengine, na katika arudhi jambo hilo ni mizani.

Kwa hivyo mstari wa kwanza wa karatasi uwe kanuni ya kuhesabu, pamoja na mfano mmoja: “Mtoto mwema husoma.” Silabi zake ni m-to-to-mwe-ma-hu-so-ma, yaani mizani 8. Mwanafunzi anayeunganisha “m” na “to” hupata 7, kisha huandika kwamba mtunzi ameteleza. “M” ya “mtoto” na “n” ya “nchi” husimama peke yake kama silabi, ilhali “mbuzi” na “ndizi” zina silabi mbili mbili. Mshororo mmoja ukipungukiwa na mizani moja, nazali hizo zichunguzwe kwanza kabla ya mshairi kulaumiwa.

Mstari wa pili uhusu umbo. Ubeti wa utenzi una mishororo 4 ya mizani 8. Mitatu ya kwanza hushiriki kina cha ubeti huo, na wa nne hubeba kina kinachoendelea hadi mwisho wa utungo. Tarbia ya kawaida nayo ina mishororo 4 ya mizani 16, iliyogawika ukwapi na utao, 8 kwa 8. Mchoro mdogo wa kila umbo unatosha.

Mstari wa tatu uhusu uhuru wa mshairi. Hapa ndipo mizani huonyesha uzazi wake. “Mama yangu aliyenipa” ina mizani 9; ikiandikwa “Mama yangu alonipa” hubaki 8. Hiyo ni inkisari. Mazda hurefusha neno kwa haja iliyo kinyume, kama “enda” inapokuwa “enenda”. Tabdila hubadilisha sauti bila kugusa hesabu, aghalabu ili kina kipatane. Mtahiniwa aliyeshika kanuni ya kwanza hahitaji fasili tatu za kukariri; huhitaji kujiuliza tu kama mizani imepungua, imeongezeka au imebaki vile vile.

Mstari wa nne ubebe mjadala wa jadi na usasa kwa miaka miwili tu: 1954, Amri Abedi alipotoa “Sheria za Kutunga Mashairi”, na 1974, Euphrase Kezilahabi alipotoa “Kichomi” na kukiuka sheria za namna hiyo. Baina ya miaka hiyo miwili swali la insha hupata mhimili wake: je, vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi, au ni vazi tu?

Karatasi ya namna hii haizidi nusu ukurasa, na ina mipaka yake. Haiwezi kumpa mtu hoja za swali la alama 30 linalodai ushahidi kutoka diwani ambazo hakuzisoma. Upo pia mtihani mdogo wa kuipima: mwandishi wake afunike kila mstari, aueleze kwa sauti na kutoa mfano wake mwenyewe. Ule unaomshinda si kikumbusho, bali ni somo jipya, na saa moja haitoshi kulifundisha. Na ufutwe.

Wahadhiri wangefanya vyema kuidai karatasi hiyo wiki moja kabla ya mtihani. Kwa kuisoma wangejua mara moja ni nani ameona kiini cha kozi, na ni nani amekusanya majina matupu.