Ukiachwa na treni Ujerumani, hasara ni ya nani?

Kila Februari wafanyabiashara wa maparachichi, maharage machanga na viungo kutoka Kenya na Tanzania huenda Berlin kwenye maonyesho ya Fruit Logistica. Wengi hutua Frankfurt, kisha hupanda treni kwa safari ya zaidi ya saa nne. Hapo ndipo swali la tiketi linapoanza. Ukikosa treni ya kuunganisha, je, tiketi uliyonayo inakubalika kwenye treni inayofuata, au unakata nyingine?

Jibu linategemea mambo mawili: aina ya tiketi, na nani amesababisha ucheleweshaji.

Shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, huuza tiketi za aina mbili kuu. Ile iliyoandikwa Flexpreis inakuruhusu kupanda treni yoyote ya njia hiyo siku hiyo. Iliyoandikwa Sparpreis au Super Sparpreis ni ya bei nafuu, lakini imefungwa kwa treni iliyotajwa kwenye tiketi. Ukiiacha treni hiyo kwa uzembe wako, tiketi imekufa. Mkulima aliyeuza mavuno yake mapema kwa mkataba ataielewa biashara hii: shirika linajua mapema viti vingapi vimejaa, na wewe unalipwa punguzo kwa kuachia uhuru wako wa kubadili saa.

Hata hivyo, kufungwa huko kuna mpaka. Tuseme umekata Sparpreis moja kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt hadi Berlin, ukibadilisha treni kwenye kituo kikuu cha Frankfurt. Treni ya kwanza inachelewa dakika 15 tu, lakini ya Berlin haikusubiri, na inayofuata ni baada ya saa nzima. Kinachohesabiwa si zile dakika 15, bali muda utakaochelewa kufika mwisho wa safari. Kwa masharti ya shirika hilo, ikitarajiwa kuwa utafika ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, kufungwa kwa treni moja kunaondolewa. Kwenye simu utaona maneno Zugbindung aufgehoben, na unapanda treni nyingine kwa tiketi ile ile. Kiti ulichokuwa umekilipia hakikufuati, hivyo jiandae kusimama kama treni imejaa.

Ukifika Berlin ukiwa umechelewa saa moja, Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782, iliyoanza kutumika Juni 7, 2023, inakupa fidia ya asilimia 25 ya nauli. Ikifika saa mbili, fidia ni asilimia 50. Fidia inaweza kukataliwa kama chanzo ni tukio lisilo la kawaida, mathalani hali mbaya sana ya hewa. Haki ya kuendelea na safari inabaki pale pale.

Sasa badili kisa kidogo. Treni zote zimekwenda kwa wakati, lakini ndege yako imechelewa. Hapo huna dai lolote kwa shirika la reli, kwani mkataba wake nawe ulianzia kituoni. Vivyo hivyo ukikata tiketi mbili mbalimbali ili kuokoa fedha, moja ya kukufikisha kituo kikuu na nyingine ya Berlin: ya kwanza ikikuchelewesha, ya pili inaweza kukufia mkononi. Tiketi inayouzwa na shirika la ndege pamoja na safari ya anga, iitwayo Rail&Fly, haikufungi kwa treni moja, na kwa anayetoka mbali ndiyo salama zaidi.

Asiye nayo afanye hesabu. Tuseme tiketi iliyofungwa ni yuro 40 na iliyo huru ni yuro 130. Kama katika safari nne ndege hukuchelewesha mara moja, tiketi nafuu pamoja na hatari ya kukata nyingine ya yuro 130 inakugharimu kwa wastani yuro 72.50. Bado ni nafuu kuliko 130. Lakini tiketi iliyofungwa ikipanda hadi yuro 100, gharama hiyo inafika 132.50, na faida imekwisha. Wengi hununua ya bei nafuu bila kuangalia pengo hilo, na wengine hulipia uhuru wasiouhitaji.

Anayedai fidia ajaze fomu ya shirika, kwa karatasi au kwenye akaunti yake ya mtandaoni, ndani ya miezi mitatu. Fidia iliyo chini ya yuro 4 hailipwi, kwa hiyo asilimia 25 ya tiketi ya yuro 15 usijisumbue nayo.