Sekunde thelathini hazina nafasi ya maneno sabini na tano

Kuna kanuni inayorithishwa kwa kila kijana anayeingia kwenye staji ya video hapa Goma: tangazo la sekunde 30 lichukue maneno 75. Kanuni hiyo imetokana na Kiingereza, lugha yenye maneno mafupi. Kwetu ni ya uongo, na ndiyo inayoua matangazo yetu.

Tuchukue tangazo la mashine ya kusaga mahindi ya Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru. Mwenye mashine anataka msimulizi aanze hivi: “Biashara yetu inajishughulisha na usagaji na usambazaji wa unga wa mahindi wenye ubora wa hali ya juu.” Ni maneno 17 tu, lakini yana silabi 42. Msomaji asiyekimbia hutamka silabi kama tano kwa sekunde, kwa hiyo sentensi hiyo peke yake inakula sekunde nane na zaidi. Tena haina kitu ambacho kamera inaweza kuonyesha.

Hesabu silabi, usihesabu maneno. Halafu anza na picha. Sekunde ya 0 hadi ya 4: mahindi yanamiminwa, mashine inanguruma, msimulizi amenyamaza. Ya 4 hadi ya 9: unga unatoka, mteja anauchota kwa kiganja. Hapo sauti iseme: “Mahindi ya Kalengera yanasagwa hapa hapa, mbele ya macho yako.” Silabi 23, sekunde tano zinatosha, na mtazamaji anaona kile anachoambiwa. Ya 9 hadi ya 24: gunia linapimwa, linashonwa, linapakiwa kuelekea Goma, kila tendo na sentensi yake fupi. Ya 24 hadi ya 30: jina na namba ya simu vibaki kwenye kioo bila kusogea.

Namba isisomwe. Tarakimu kumi zinakula karibu sekunde tano za sauti na hakuna anayezishika kichwani. Wengi hutazama video kwenye simu wakiwa wamezima sauti. Hao wataiona namba ikiandikwa, wataikosa ikitamkwa.

Watetezi wa maneno mengi husema mteja amelipia sekunde 30, basi zote zijazwe. Matokeo yake tunayajua: msimulizi anaharakisha, anameza miisho ya maneno, na mhariri anaiongezea sauti kasi mpaka haifanani na ya mtu. Mngurumo wa mashine nao unafunikwa na muziki, ingawa ndio unaomthibitishia mnunuzi kwamba mashine ipo na inafanya kazi. Mngurumo huo urekodiwe peke yake palepale Kalengera, nusu dakika bila mtu kuongea, maana studioni hautapatikana.

Wewe uliye kwenye staji, usibishane na mteja kwa maneno. Washa saa ya simu mbele yake, isome skripti yake kwa mwendo wa kawaida, na sekunde ya 30 ikifika nyamaza hata kama uko katikati ya sentensi. Kisha mwombe achague mwenyewe cha kukata.