Picha iliyokuvutia kwanza ndiyo ya kuikagua zaidi

Kuna jambo naona tunalikosea sana, na mimi nililikosea kabla yenu, kwa hiyo naongea nikiwa na kovu.

Nauza vyombo mtandaoni. Mwaka huu nilikuwa na seti ya chai ya udongo, birika moja na vikombe sita. Nikaandika maelezo kwenye programu ya akili mnemba, ikanipa picha nne, nikachagua iliyopendeza kuliko zote, nikaipandisha. Oda zikaja. Siku ya tatu mama mmoja wa Morogoro ananipigia, "Mwanangu, mbona vikombe sita? Kwenye picha viko vinane." Nikafungua picha, nikahesabu kwa kidole. Vinane kweli. Nilirudisha hela yake na nauli ya basi ya mzigo kwenda na kurudi ikaniangukia mimi. Nilichoumia zaidi ni kwamba yule mama hakuniambia nimekosea. Aliniambia nimemdanganya.

Ndo maana msimamo wangu sasa ni huu: ukipewa picha nne kwa maelezo yale yale, usiulize ipi nzuri. Uliza maswali mawili, na usiyachanganye. La kwanza, ipi imefuata nilichoandika? La pili, ipi ina kasoro chache? Picha inaweza kufuata maelezo yote halafu ikawa na kikombe chenye mkono unaoelea hewani. Nyingine inaweza kuwa safi kabisa, haina hata doa, ila ni picha ya kitu ambacho wewe huuzi.

Kwanza tuelewe kwa nini inakosea. Hizi programu nyingi huanza na picha ya chengachenga tupu, kama tivii isiyo na chaneli, halafu inazisafisha kidogo kidogo mpaka kitu kinaonekana. Inaongozwa na picha nyingi mno ilizojifunza, zilizokuwa na maneno yake. Haikai ikahesabu vikombe kama wewe unavyopanga mezani. Inachora kitu kinachofanana na "vikombe vingi vya chai". Kwa hiyo idadi, kushoto na kulia, na rangi ipi iende kwenye kitu kipi, hapo ndipo inapoteleza mara nyingi. Rangi hasa huvuja: umesema mstari wa kijani uwe kwenye vikombe, unaukuta na kwenye birika.

Sasa niwaonyeshe nilivyofanya na seti ile ile mara ya pili. Maelezo yangu yalikuwa haya: "Birika moja la udongo mweupe lisilo na mstari, na vikombe sita vyeupe, kila kimoja na kisahani chake. Kila kikombe kina mstari mmoja wa kijani karibu na mdomo. Vyote viko juu ya kitambaa cha bluu. Kushoto kwa birika kuna sahani ya maandazi. Mwanga wa asubuhi unatoka kulia. Hakuna mtu."

Kabla sijaangalia picha hata moja nikayakata maelezo kuwa maswali ya ndiyo au hapana, nikaandika kwenye daftari. Birika ni moja? Vikombe ni sita? Kila kikombe kina kisahani? Mstari wa kijani upo kwenye vikombe vyote, mmoja, karibu na mdomo? Birika halina mstari? Kitambaa ni bluu? Maandazi yapo kushoto kwa birika? Mwanga unatoka kulia? Hakuna mtu? Maswali tisa. Kuyaandika mapema kuna maana yake. Ukishaiona picha na ukaipenda, utajikuta unayapindisha maswali ili ipite.

Awamu ya kwanza, picha zote nne birika lilikuwa na mstari. Hapo kuna somo. Kosa likiwa kwenye picha moja, ni bahati mbaya ya picha hiyo. Likiwa kwenye zote nne, usipoteze muda kuchagua, tatizo ni maelezo yako. Programu nyingi hazielewi vizuri neno "bila" au "lisilo na". Ukitaja mstari, umeshauita mstari. Nikabadilisha nikaandika "birika jeupe tupu", na ile "hakuna mtu" nikaitoa kabisa. Ila kwenye daftari maswali yote tisa niliyaacha, maana nilichokuwa nakitaka hakijabadilika.

Awamu ya pili zikaja nne nyingine. Nikafanya kama mwalimu anavyosahihisha mitihani: swali la kwanza kwa picha zote nne, halafu swali la pili kwa zote nne, mpaka mwisho. Ukimaliza picha moja yote ndipo uende nyingine, ile ya kwanza ikikuvutia utaisamehe, na inayofuata utaionea.

Picha ya kwanza ndiyo iliyonivuta macho, mvuke unapanda, mwanga kama wa tangazo la tivii. Lakini vikombe saba, cha saba kimejificha nusu nyuma ya birika. Na birika lina mstari. Imepata saba kati ya tisa.

Picha ya pili, vikombe sita, visahani sita, mistari iko sawa, birika tupu. Kosa moja, maandazi yako kulia. Nane kati ya tisa.

Picha ya tatu, vikombe vitano, kitambaa cha kijani, na kuna mkono wa mtu unamimina chai. Sita kati ya tisa.

Picha ya nne, kila kitu sawa isipokuwa vikombe viwili havina mstari. Nane kati ya tisa.

Mnaona ya pili na ya nne zimelingana. Hapa wengi wangerudi kwenye "ipi nzuri". Mimi nasema hapana, pima uzito wa kosa. Maandazi siuzi. Yakiwa kulia au kushoto hakuna mteja atakayenidai. Mstari wa kijani nauuza. Mteja akipokea vikombe sita vyenye mstari wakati picha inaonyesha vinne tu, ataniuliza. Kosa kwenye bidhaa ni zito kuliko kosa kwenye pambo. Kwa kufuata maelezo, ya pili imeshinda.

Ndipo nikaenda kwenye kasoro. Hapa picha uivute iwe kubwa, uipitie kipande kwa kipande, maana kwenye kioo cha simu ikiwa ndogo kila kitu kinaonekana kizima. Kwenye vyombo naangalia mikono ya vikombe imeshika juu na chini, mdomo wa birika umetokea sehemu inayoeleweka, na mfuniko unakaa. Halafu vivuli: mwanga ukitoka kulia, vivuli vyote vilale kushoto. Kukiwa na mtu, hesabu vidole. Kukiwa na maandishi, yasome herufi kwa herufi, hata kama ni jina la duka lako.

Picha ya tatu ule mkono ulikuwa na vidole sita, nikaitoa moja kwa moja. Ya kwanza kikombe kimoja kivuli chake kimelala upande tofauti na wenzake. Ya nne sikuona kasoro. Ya pili, mshindi wangu, kikombe cha pembeni mkono wake umeshika juu tu, chini unaelea. Kwa mteja hicho ni kikombe kilichovunjika.

Nikafikiria kukata pembeni, lakini nikikata vinabaki vitano. Nikafikiria kuigeuza picha kama kioo ili na maandazi yaende kushoto, lakini mwanga nao ungehamia kushoto, na mkono wa kikombe ungebaki mbovu vile vile. Ukirekebisha kosa moja, angalia umeharibu nini kingine.

Nikatumia sehemu ya kufuta na kuchora upya kipande kimoja, ambayo programu nyingi siku hizi zinayo. Nikaweka alama kwenye ule mkono tu, nikaambia ichore upya mkono mzima wa kikombe. Mara ya pili ikatoka vizuri. Baada ya hapo nikarudia maswali yote tisa kwa picha ile mpya, kwa sababu kuchora upya kunaweza kugusa vitu vya jirani. Mstari wa kile kikombe ulikuwa bado upo. Nikaridhika.

Kwa nini sikuichukua tu ya nne, ambayo haikuwa na kasoro? Kwa sababu ingehitaji mistari miwili mipya inayofanana na ile mingine kwa unene na rangi. Ya pili ilihitaji mkono mmoja. Zikilingana, chukua yenye kosa dogo kurekebisha.

Mwisho nikampa mdogo wangu, ambaye hakusoma maelezo, nikamwambia aniambie anaona nini. Akasema, "Birika, vikombe sita vyenye mstari wa kijani, maandazi, kitambaa cha bluu." Sikumuuliza kama ni nzuri. Mtu asiyejua ulichotaka ndiye mteja wako.

Najua kuna watakaosema, "Dada, yote hayo kwa picha ya posti moja?" Ilinichukua kama nusu saa. Kurudisha mzigo wa Morogoro kulinichukua wiki na mteja sikumpata tena.

Na hata ikipita maswali yote, hiyo bado siyo picha ya mzigo wako. Udongo wako una wekundu kidogo, au mstari wako ni mwembamba zaidi, na programu haijawahi kuushika. Mimi picha ya akili mnemba naiweka mbele kama tangazo, nikiandika wazi kwamba ni picha ya kutengenezwa. Ya pili yake ni picha halisi ya simu, vikombe sita mezani kwangu, vinahesabika. Zikipishana, mteja aamini ile ya simu. Na kama zinapishana kwenye idadi au rangi, ile ya kwanza usiipandishe kabisa, hata kama mvuke wake unapanda vizuri namna gani.