Kamina: Katoni inatupwa, mutoto analipa

Katika soko za Kamina, vitu vya kuchezea vinamwagwa chini juu ya bashi na kuuzwa kimoja kimoja. Katoni imekwisha kutupwa. Pamoja nayo imetupwa alama ambayo muzazi alihitaji: duara jekundu lenye uso wa mutoto, namba 0-3, na mustari wa kukata. Hata pale inapobaki, muuzaji anaifasiri vibaya: "Mama, wako ana akili, ataweza." Hapana. Alama hiyo haipimi akili. Inapima koo.

Mutoto wa chini ya miaka 3 anatia kila kitu mudomoni. Njia yake ya pumzi ni nyembamba, na kikohozi chake hakina nguvu ya kurudisha kitu kilichokwama. Ndiyo maana Amerika, tangu 1980, inakataza kuuzia watoto wa umri huo kitu cha kuchezea, ao kipande chake kilichotoka, kinachoingia chote ndani ya bomba la kupimia lenye upana wa milimita 31.7. Nyumbani, viringisha karatasi iwe bomba la upana wa sentimita 4. Ni pana kidogo kuliko lile la kweli, na heri iwe hivyo.

Chukua motokari ya plastiki. Nzima haiingii ndani ya bomba, na muuzaji atacheka. Sasa vuta gurudumu kwa nguvu zote. Wapimaji wa Ulaya wanavuta vipande vya namna hiyo kwa nguvu ya karibu kilo 9. Gurudumu likitoka na kuingia ndani ya bomba, motokari hiyo si ya mutoto mudogo. Jicho la mwanasesere linavutwa vilevile.

Halafu nusa. Plastiki laini yenye harufu kali ya rangi ao petroli, iache. Kuifua na sabuni ao kuianika juani kunapunguza harufu tu. Dawa za kuilainisha, zinazoitwa ftalati, zimo ndani ya plastiki yenyewe, na mutoto anayeinyonya anazitoa kidogo kidogo. Lakini pua haitoshi: risasi iliyo ndani ya rangi hainuki. Rangi inayobanduka kwa ukucha, kataa pia.

Kuna wanaosema familia zilizokimbia vita hazina haki ya kuchagua, zipokee kinachogawiwa. Hilo ni neno baya. Mutoto aliyelala chini ya bashi ana koo ileile. Kanisa ao shirika linalogawa lilete vitu pamoja na katoni zake, na vya chini ya miaka 3 vitengwe mbali na vya wakubwa wao. Kama pesa ni kidogo, wanunue vikombe vya plastiki ngumu na miiko ya miti, na mama mushonaji alipwe kushona mipira ya vitambaa, mikubwa kuliko ngumi ya baba, uzi ukazwe mara mbili.