Wastani wa Asilimia 5 Uliokula Mtaji
Mtu akikuambia mfuko wake wa hisa umeleta wastani wa asilimia 5 kwa mwaka, muulize kwanza ni wastani upi. Chukua shilingi 1,000,000. Mwaka wa kwanza hisa zinapanda asilimia 50, unakuwa na 1,500,000. Mwaka wa pili zinashuka asilimia 40, nayo inakatwa kwenye 1,500,000, si kwenye milioni uliyoanza nayo; zinaondoka 600,000, unabaki na 900,000. Toa 40 kwenye 50, gawa kwa 2: wastani ni 5, hesabu haina kosa, ila laki moja ya mtaji haipo. Anayetaka kujua pesa yake imekua vipi azidishe 1.5 kwa 0.6, kisha atafute kipeuo cha pili cha 0.9. Atapata karibu 0.949, yaani hasara ya asilimia 5.1 kila mwaka, na huo ndio wastani wa kijiometri. Pengo kati ya wastani hizo mbili limeletwa na kule kuyumba: kila mwaka ulikuwa mbali na wastani kwa 0.45, zidisha kwa 0.45, gawa kwa 2, unapata takriban asilimia 10.1, karibu sawa na pengo lenyewe, kutoka faida ya 5 hadi hasara ya 5.1. Mfuko uliopata 10 kisha 0 nao una wastani wa 5, lakini milioni yako inafika 1,100,000. Wastani wa kawaida unafaa kukadiria mwaka mmoja ujao. Kumwonyesha huo peke yake mtu anayeweka akiba ya uzeeni ni kumpotosha.