Swali la Oktoba kwa Mpangaji wa Garissa

Mwenye nyumba anayemuuliza mpangaji mapema kama atabaki au atahama anafanya jambo la busara. Tatizo la Garissa ni kwamba swali hilo huja kwa kuchelewa, na huulizwa kwa namna inayomfanya mpangaji afiche jibu.

Miongoni mwa wapangaji wa mji huu wamo walimu, wauguzi na wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia kambi za Dadaab. Makwao ni mbali, na kubaki kwao hakuko mikononi mwao. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Tume ya Huduma kwa Walimu iliwaondoa wengi wasio wenyeji wa eneo hili, na nyumba walizopanga zikabaki tupu. Hata katika mwaka wa utulivu, barua ya uhamisho huweza kufika wakati wowote.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayelipa shilingi 12,000 kwa mwezi, na mkataba wake wa mwaka mmoja unaisha Desemba 31. Mwenye nyumba akihesabu wiki nne kurudi nyuma, atauliza mwanzoni mwa Desemba. Wakati huo shule zimeshafungwa, mwalimu yuko kwao bara, godoro na jiko vimefungiwa ndani. Anapigiwa simu: "Mwalimu, mwakani tuko pamoja?" Anajibu, "Inshallah, Haji." Mmoja amesikia ndiyo, mwingine amesema labda. Januari inapita, mwalimu hajaonekana, na mwenye nyumba hawezi kuvunja kufuli la mtu. Miezi miwili ikienda hivyo, amepoteza shilingi 24,000. Akimpata mpangaji mpya na kumpandishia kodi kwa shilingi 1,000, atahitaji miaka miwili kuifidia hasara hiyo.

Kwa hiyo wiki zisihesabiwe kutoka siku ya mwisho ya mkataba. Zihesabiwe kutoka siku ya kufunga shule. Swali liulizwe Oktoba, mwalimu akiwa bado mjini, na pande zote mbili zikiwa zimesimama ndani ya nyumba yenyewe, zinatazama bomba, tangi na rangi ya ukuta.

Hapo ndipo linakuja jambo gumu zaidi: kwa nini mpangaji aseme ukweli? Akisema anahama, anaogopa dipoziti yake haitarudi, kwa hiyo hunyamaza, huishi mwezi wa mwisho bila kulipa, na kuiacha dipoziti ijilipe. Akisema anabaki, anaogopa kupandishiwa kodi. Mwenye nyumba anayetaka jibu la kweli aanze na lake. Aseme kodi ya mwakani itakuwa kiasi gani, aseme dipoziti itarudishwa lini na itakatwa kwa uharibifu upi, kisha aulize. Na akubali jibu la tatu: "Sijui bado, nitakwambia kufikia tarehe fulani." Kwa mtu anayesubiri barua ya uhamisho, hilo ndilo jibu la kweli kuliko yote.

Mwenye nyumba ayaandike pia waliyokubaliana, hata kwa ujumbe wa simu. Watu wa Garissa hawahitaji kufundishwa uzito wa ahadi ya mdomo, wala nafasi ya wazee wanaosuluhisha ikivunjika. Lakini Suratul Baqarah, aya ya 282, inawataka waumini waandike deni lenye muda, na kodi ya mwaka mzima haiko mbali na hilo.

Kisheria, swali hili si notisi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema mpangaji akibaki baada ya mkataba kuisha, na mwenye nyumba akaendelea kupokea kodi kwa miezi miwili, panahesabiwa kuwa na upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba aliyenyamaza huku akipokea pesa kwa simu amekwisha kujibu swali ambalo hakuliuliza.

Kwa maduka ya Suq Mugdi mambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo wengi huumia. Duka lililopangishwa bila maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, linalindwa na sheria ya upangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301. Tarehe ya mwisho kwenye karatasi peke yake haimtoi mpangaji wa duka. Anayetaka kumtoa au kumpandishia kodi lazima atoe notisi kwa fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili, yenye sababu. Mpangaji ana mwezi mmoja wa kujibu kwa maandishi kama anakubali au la, na akipinga, apeleke shauri mbele ya baraza la kodi za biashara kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Asipopeleka, notisi inasimama.

Kwa hiyo mpangaji wa duka akiulizwa dukani kwake, mbele ya wateja, "Utaendelea au utatuachia?", anaweza kujibu apendavyo bila kupoteza haki yake. Mwenye jengo naye asipokee gudwili ya mtu mwingine kwa kutegemea neno hilo. Ikiwa mpangaji ameamua kweli kuondoka, amwombe aandike tarehe, aweke sahihi, na wote wawili wabaki na nakala.