Ahadi ya Mdomo Mbele ya Mkataba

MWANAFUNZI mmoja wa biashara ameniuliza swali ambalo huwatatiza hata wafanyabiashara waliozoea soko. Iwapo mwuzaji aliniahidi jambo mbele ya mashahidi, na jambo hilo halimo katika mkataba niliotia sahihi, je, mahakama haitawasikiliza mashahidi wangu? Jibu ni kwamba mara nyingi haitawasikiliza, nami naona kuwa ni haki isiwasikilize.

Natuchukue mfano. Mnunuzi anachukua mashine ya kusaga mahindi kwa shilingi 240,000. Anatoa arubuni ya shilingi 60,000, na salio la 180,000 litalipwa kwa miezi 12, shilingi 15,000 ifikapo tarehe tano ya kila mwezi. Mkataba unasema kwamba akichelewa kwa zaidi ya siku saba, salio lote litadaiwa papo hapo. Kabla ya kutia sahihi anauliza habari za Januari, mwezi wa karo. Mwuzaji anacheka: "Januari usiwe na wasiwasi, ndugu yangu, sisi huwa tunangoja."

Mnunuzi analipa Septemba hadi Desemba bila dosari. Januari anafika na pesa tarehe 20, na kukabidhiwa barua ya kudai shilingi 120,000.

Kifungu cha 98 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kinasema kwamba masharti ya mapatano yakishaandikwa, ushahidi wa maneno ya mdomo baina ya wahusika hautakubaliwa ili kuyapinga, kuyageuza, kuyaongeza au kuyapunguza. Ahadi ya Januari inapinga sharti la siku saba waziwazi. Hakimu hasemi kwamba mnunuzi ni mwongo. Anasema kwamba hata kama maneno hayo yalitamkwa, pande mbili zilipotia sahihi ziliyaacha nje.

Wako wanaoiita sheria hii katili. Lakini fikiria hakimu anayepaswa kuchagua baina ya kumbukumbu mbili za mazungumzo ya miaka mitatu iliyopita, kila moja ikiwa imepindishwa na hasara ya mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ninalowalaumu wauzaji ni kuja na karatasi zilizokwisha pigwa chapa, kisha kumharakisha mnunuzi atie sahihi huku wakimtuliza kwa maneno matamu.

Hata hivyo, kifungu hicho hicho kimeacha milango. Tuseme mwuzaji aliapa kwamba injini ni mpya, kumbe ni kuukuu iliyopakwa rangi. Hapo mashahidi watasikilizwa, kwa kuwa mnunuzi hataki kugeuza sharti. Anadai kwamba ridhaa yake ilipatikana kwa ulaghai. Au tuseme mwuzaji aliahidi kuleta fundi wa kuifunga mashine, na mkataba haukutaja ufungaji hata kidogo. Ahadi hiyo haipingani na lililoandikwa, basi yaweza kusikilizwa, ingawa mahakama itatazama jinsi hati ilivyo rasmi na kamili. Ikiwa mkataba una sharti kwamba maandishi haya ndiyo mapatano yote, mlango huo huwa mwembamba sana. Sharti hilo kwa kawaida huwekwa karibu na mwisho, mahali ambapo msomaji amekwisha choka.

Vipi kuhusu ahadi iliyotolewa baada ya sahihi? Wanafunzi wengi hukosea hapa. Kanuni hii hasa huyafungia nje maneno yaliyotangulia mkataba au kusemwa ulipokuwa ukitiwa sahihi. Mapatano mapya ya mdomo, mathalani ya mwezi Februari, yaweza kuthibitishwa, isipokuwa pale sheria inapotaka mkataba wenyewe uwe wa maandishi, kama ule wa kuuza ardhi. Lakini mahakama itauliza pia mwuzaji alipata nini badala ya kulegeza sharti. Tena mikataba mingi husema kwamba haiwezi kubadilishwa ila kwa maandishi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, katika kesi ya kampuni ya kukodisha ofisi na mpangaji wake, kwamba sharti la namna hiyo lina nguvu, na makubaliano ya simu kuhusu ratiba mpya ya kodi hayakumwokoa mpangaji. Uamuzi huo hauwafungi mahakimu wetu, ila mawakili wa hapa huutaja.

Yule mnunuzi wetu angeweza kujiokoa kwa mstari mmoja wa kalamu kabla ya kutia sahihi: "Malipo ya Januari yatapokelewa hadi tarehe 31." Mstari huo uandikwe kwenye nakala zote mbili, na kila mmoja atie herufi za jina lake kando yake pamoja na tarehe. Mwuzaji akikataa kuuandika, mnunuzi atakuwa amejua thamani ya ile ahadi akiwa bado na shilingi 60,000 zake mfukoni.